Mzazi ni Nani? Hadidu za Rejea za Kamati ya Mfuko wa Ustawi

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwenzetu wa stoo alikuwa amefiwa na baba yake mdogo huko Songea, na jioni hiyo alitaka kupanda basi kutoka Dar es Salaam. Wakati huo nilikuwa katibu wa kamati ya mfuko wa ustawi wa wafanyakazi, ule ambao wengi tunauita kufa na kuzikana. Hadidu zetu za rejea zilikuwa kurasa mbili zilizochapwa miaka kadhaa nyuma, na kuhusu msiba ziliandika mstari mmoja tu: mwanachama atakayefiwa na mzazi, mwenza au mtoto atapewa rambirambi.

Mwenyekiti akasema baba mdogo si mzazi. Mweka hazina akasema huyu ndiye aliyemlea tangu darasa la pili, baba yake mzazi hakumjua. Mjumbe wa tatu akakumbusha kwamba mwaka uliotangulia tulimnyima dada mmoja wa mapokezi aliyefiwa na shangazi, kwa hiyo tukimpa huyu tutaonekana tunachagua sura. Tulibishana kwa simu siku nne. Pesa ilitoka Ijumaa, na marehemu alikuwa amezikwa Jumatano.

Ukiwauliza watu hadidu za rejea ni nini, wengi watakwambia ni karatasi inayotaja kazi za kamati. Ni kweli, lakini ukilisikiliza neno lenyewe utasikia "hadi" ndani yake: mpaka. Karatasi hii huiambia kamati iishie wapi. Kwa mfuko wa ustawi, mpaka ulio muhimu kuliko yote ni ule unaoizuia kamati kukaa kama baraza la kupima uchungu wa mtu. Kamati inayolazimika kuuliza kama fulani anastahili kusaidiwa imekwisha kuchelewa. Kazi yake inatakiwa iwe kuhakiki mambo mawili au matatu yaliyokubaliwa zamani, kutia saini, na kutuma pesa.

Kwa hiyo mtu akiniomba nimsaidie kuandika hadidu za mfuko wa ofisini kwao, sianzi na muundo wa kamati wala idadi ya vikao. Naanza na orodha ya watu ambao msiba wao unagusa mfuko.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 ina orodha yake. Katika kifungu cha 34, mfanyakazi hupewa likizo ya malipo ya angalau siku nne akiuguliwa au kufiwa na mtoto, au akifiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Kamati nyingi huinakili orodha hiyo na kuiweka kwenye hadidu zao, zikiamini kwamba zimemaliza kazi. Isome tena polepole. Mkwe hayumo. Baba mdogo, mama mkubwa, mjomba na shangazi hawamo, hata kama ndio waliokusomesha. Sheria imeweka kiwango cha chini cha likizo, na kwa hilo inafaa. Haikuandikwa kueleza nani humlea nani katika nyumba zetu.

Njia rahisi ya kutoka hapo ni kumwachia mwanachama mwenyewe ataje watu wake kabla hawajafa. Siku ya kujiunga anajaza fomu: mwenza, watoto, na nafasi mbili za mzazi au mlezi. Kamati haimuulizi kwa nini amemwandika mjomba akaacha baba. Msiba ukitokea, katibu anafungua faili, anatazama jina, na mjadala umekwisha kabla haujaanza. Mfuko nao unanufaika, kwa sababu kila mwanachama ana nafasi mbili, si tatu wala saba, na mweka hazina anajua anabeba watu wangapi.

Fomu hiyo ina mitego, na hadidu zinapaswa kuitaja. Mtego wa kwanza ni mtu kubadilisha jina wakati mgonjwa yuko hoi hospitalini. Dawa yake ni kuandika kwamba badiliko litaanza kufanya kazi baada ya siku 90. Mtego wa pili ni mchungu zaidi. Mtoto akizaliwa leo na kufa keshokutwa, jina lake halimo kwenye fomu yoyote, na pengine hata jina hajapewa. Nimeona hadidu zilizosema bila kupepesa kwamba malipo ni kwa waliosajiliwa tu, na mama aliyetoka wodini akaambiwa mwanawe hakuwa kwenye orodha. Sentensi moja ingetosha kuzuia jambo hilo: mtoto mchanga, pamoja na aliyezaliwa mfu, hahitaji kusajiliwa. Mtego wa tatu ni wa ndugu wawili wanaofanya kazi ofisi moja. Mama yao akifa, je, rambirambi ni moja au mbili? Mimi nasema mbili, kwa kuwa wote wawili wanachanga kila mwezi. Ofisi nyingine inaweza kuamua moja, ili mradi iwe imeandikwa mapema na wao wenyewe waliisoma.

Baada ya kujua nani, suala linalofuata ni muda, na hapa hadidu nyingi huanguka kwa sababu ziliandikwa na watu waliozoea vikao vya bajeti. Zinasema kamati itakutana kila robo mwaka na akidi ni wajumbe wanne kati ya watano. Msiba haungoji robo mwaka. Kwa Waislamu mazishi mara nyingi ni siku hiyohiyo au kesho yake. Mwili ukisafirishwa kwenda Bukoba au Songea, pesa kubwa inaliwa na safari, nayo inatakiwa kabla gari halijaondoka. Rambirambi inayofika baada ya watu kutawanyika humsaidia mfiwa kulipa madeni, lakini haikumzikia mtu.

Kifungu ninachokipendekeza ni hiki, kwa maneno yanayokaribiana na haya: "Taarifa ya msiba ikipokelewa, katibu atalinganisha jina la marehemu na fomu ya mwanachama na kuwaarifu wajumbe kwa ujumbe wa maandishi. Wajumbe watatu kati ya watano wakithibitisha, malipo yatafanyika ndani ya saa 24. Ushahidi wa kifo utawasilishwa ndani ya siku 30." Kila neno hapo lina kazi yake. Maandishi, kwa sababu anayethibitisha kwa kupigiwa simu anaweza kukana kesho. Watatu, kwa sababu daima kuna mjumbe aliye safarini na mwingine ambaye simu yake imezima. Siku 30 za ushahidi, kwa sababu kumwomba mtu kibali cha mazishi wakati bado yuko chumba cha maiti anaosha mwili wa mama yake ni ukatili, na cheti cha kifo chenyewe hakitoki siku hiyo.

Watu huuliza: asipoleta ushahidi je? Basi hadidu ziseme kwamba kiasi hicho kitahesabiwa kuwa deni lake kwa mfuko, na fomu ya kujiunga iwe na sehemu anayolikubali jambo hilo kwa saini. Saini hiyo ina uzito. Sheria hiyohiyo ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, inamzuia mwajiri kukata mshahara hivi hivi kwa neno la mdomo. Kwa sababu hiyo hata mchango wa kila mwezi unahitaji fomu ya ridhaa ya kila mtu mmoja mmoja, iliyosainiwa na kutunzwa. Tangazo kwenye ubao kwamba "kuanzia mwezi ujao wote tutakatwa" halitoshi, hata kama mkutano mzima ulipiga makofi.

Sasa pesa yenyewe. Wanaoandika hadidu hupenda kuweka viwango vya malipo vinavyopendeza, kisha wakatafuta mchango usioumiza. Hesabu inatakiwa ifanyike pamoja, tena mbele ya wanachama. Tuchukue ofisi yenye wanachama 60 wanaochanga shilingi 10,000 kila mwezi. Kwa mwezi ni 600,000, kwa mwaka ni 7,200,000. Wamekubaliana hivi: akifa mwanachama, familia yake ipewe 2,000,000, mwenza au mtoto, 1,000,000, mzazi au mlezi, 600,000, na mwanachama aliyelazwa hospitali usiku tatu au zaidi apewe 100,000.

Katibu anafungua daftari la miaka mitatu iliyopita na kutafuta wastani. Anakuta kwa mwaka wamekuwa wakifiwa na wazazi watano, ambao ni 3,000,000. Mwenza au mtoto ni mmoja, 1,000,000. Mwanachama mmoja hufariki kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo kila mwaka utengewe 1,000,000. Waliolazwa ni wanane, 800,000. Jumla ni 5,800,000, na kinachobaki ni 1,400,000. Mfuko unapumua.

Kwenye mkutano mkuu mtu anasimama na kuomba wakwe nao waingizwe, na ukumbi mzima unaitikia. Nani hana mkwe? Wakiulizana wanakuta kwa mwaka wamefiwa na wakwe wanne hivi. Wakilipwa sawa na wazazi, ni 2,400,000 zaidi. Matumizi yanakuwa 8,200,000 na mapato yako palepale 7,200,000. Pengo la shilingi milioni moja kila mwaka halionekani mwaka wa kwanza, kwa sababu akiba inaliziba. Linaonekana mwaka wa pili au wa tatu, siku mweka hazina anapokwenda benki na kukuta hawezi kulipa msiba wa mtu aliyechanga bila kukosa tangu aajiriwe.

Njia zipo mbili. Wakipandisha mchango hadi 12,000, mapato yanafika 8,640,000 na zinabaki 440,000. Wakiacha mchango ulivyo na kumlipia mkwe 300,000, matumizi yanakuwa 7,000,000 na zinabaki 200,000 tu, kiasi ambacho vifo viwili vya ziada vya wazazi vinakimaliza na kuzidi. Mimi ningechagua kupandisha mchango. Lakini uamuzi huo si wangu wala si wa kamati, na hadidu zitamke wazi kwamba viwango vya mchango na malipo hubadilishwa na mkutano mkuu wa wanachama peke yake, baada ya kuwekewa mezani hesabu kama hii. Kamati zilizopewa mamlaka ya "kurekebisha viwango kadiri itakavyoonekana inafaa" ndizo huongeza rambirambi mwezi ambao aliyefiwa ni mkubwa wa idara.

Hadidu ziweke pia kiwango kisichoguswa. Kwa mfuko huu ningesema 3,200,000: kifo cha mwanachama mmoja na wazazi wawili kwa mpigo. Mfuko mpya unakusanya miezi sita, 3,600,000, kabla ya kulipa chochote, la sivyo msiba wa kwanza unaukuta mtupu. Salio likishuka chini ya hapo, misiba inaendelea kulipwa, ila malipo ya kulazwa husimama na mwenyekiti anaitisha mkutano ndani ya siku 14. Na kuna jambo ambalo watu hawapendi kulitamka, nalo ni ajali ya gari la ofisi. Wakifa wanachama wanne kwa siku moja, stahili zao ni 8,000,000, zaidi ya makusanyo ya mwaka mzima. Kifungu cha tukio moja kiseme kwamba malipo yote ya tukio hilo hayatazidi nusu ya salio lililopo, yatagawanywa sawa, na kinachopungua kitatafutwa kwa mchango maalumu.

Kuhusu muundo wa kamati sina mengi. Wajumbe watano wachaguliwe na wanachama, miaka miwili, wasizidi vipindi viwili, na angalau mmoja atoke kwa madereva, walinzi au wahudumu, kwa sababu misiba ya kule huchelewa kufika masikioni mwa ghorofa ya juu. Jambo moja tu nalisisitiza kwa nguvu: wanaothibitisha malipo wasiwe ndio watia saini wa benki. Mhasibu wa ofisi anaweza kuwa mtia saini na asiwe mjumbe. Mjumbe akifiwa yeye mwenyewe, anatoka kwenye uthibitisho na namba ya watatu inabaki palepale.

Akaunti nayo iwe ya mfuko. Nimekaa kwenye ofisi ambayo mchango ulikatwa kwenye mshahara kila mwezi lakini ukabaki kwenye akaunti ya mwajiri, eti utahamishwa hali ikitulia. Hati ya mshahara inaonyesha umekatwa, kamati haina kitu, na mfiwa anaambiwa asubiri. Unaweza kuligundua mapema ikiwa hadidu zinamtaka mweka hazina alinganishe kila mwezi vitu viwili: jumla ya makato kwenye orodha ya mishahara na kiasi kilichoingia kwenye taarifa ya benki. Namba hizo zikipishana, au pesa ikichelewa zaidi ya siku saba baada ya mishahara kulipwa, barua inaandikwa kwa mwajiri na nakala inabandikwa ubaoni. Mfuko uwe pia na kiasi kidogo kwenye simu, tuseme 700,000, kwa misiba ya Jumamosi usiku. Makato ya kutolea pesa yabebwe na mfuko, ili mfiwa aliyetakiwa kupata 600,000 apate 600,000.

Kishawishi cha mwisho huja mfuko ukishanenepa. Mtu anasema: pesa imelala benki, kwa nini tusikopeshane, mwezi huu mtoto anaenda shule? Wazo hili lina huruma ndani yake na limeua mifuko mingi, kwa kuwa mkopo hurudi polepole na msiba huja leo. Kuna na upande wa sheria. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kukopeshana kwa utaratibu wa kikundi kuna daraja lake: vikundi vya kijamii vimewekwa daraja la nne na SACCOS daraja la tatu, na vyote vinatakiwa kusajiliwa au kupata leseni. Kamati ya kufa na kuzikana inayoanza kutoa mikopo yenye riba imeingia uwanja mwingine bila kubisha hodi. Kwa hiyo hadidu ziandike kwa neno moja lisilotafsirika vingine: kamati haitakopesha, haitamdhamini mtu, haitafanya biashara. Wenye haja ya mikopo waanzishe SACCOS, na pesa zisichanganywe.

Pamoja na ukali huo wote, naacha mlango mdogo. Hakuna fomu inayoona kila kitu: nyumba inaungua, mlinzi wa usiku anavamiwa njiani. Kwa hali kama hizo kamati ipewe uhuru wa kutoa hadi 200,000 kwa tukio, isizidi 600,000 kwa mwaka mzima, na kila kiasi kitajwe kwenye taarifa ya robo mwaka pamoja na sababu. Jina la mgonjwa na ugonjwa wake visitajwe. Taarifa iseme "mwanachama mmoja, kulazwa, 100,000", basi. Nimewahi kuona ubao wa matangazo ulioandika ugonjwa wa mtu kwa herufi kubwa, na wakati huo hatukuwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ingawa aibu ilikuwepo.

Baada ya msiba ule wa Songea, tuliamua kuziandika upya hadidu zetu. Niliandaa rasimu mimi, na pale penye tafsiri ya mzazi nilijitahidi nisimsahau mtu. Nikaandika: baba au mama mzazi, au baba mdogo, baba mkubwa, mama mdogo, mama mkubwa, mjomba, shangazi, babu au bibi aliyemlea mwanachama. Nilijiona nimefanya kazi nzuri. Kwenye mkutano mkuu nikaisoma kwa sauti, watu wakatikisa vichwa kukubali.

Mwenzetu wa stoo alikuwa amekaa karibu na mlango. Rambirambi yake aliipokea, akasaini kitabu, na kwa miezi mitano hakuwa amehudhuria kikao chochote. Akanyoosha mkono.

"Katibu, samahani," akasema. "Na aliyelelewa na dada yake?"

Nikatazama karatasi yangu. Dada hakuwemo. Kutoka safu ya nyuma dereva mmoja mzee akaongeza kwamba yeye alilelewa na jirani, mjane wa Kimakonde ambaye hawakuwa na undugu wowote. Nikachukua kalamu, nikafuta jamaa wote niliowaorodhesha kuanzia baba mdogo hadi bibi, na mahali pao nikaandika neno moja, "mtu". Kifungu kikasomeka: mzazi ni baba au mama mzazi, au mtu aliyemlea mwanachama, ambaye jina lake limeandikwa kwenye fomu. Kikapita bila kupigiwa kura, na fomu zikaanza kugawiwa hapohapo.